Uzi: Anayetolewa na anayejitoa. Ni nani hasa mkombozi katika riwaya ya chembe ya ngano?

Kalamu ya Moshi

Salamu kwenu nyote. Juma hili nimemaliza kuisoma kwa mara ya tatu ile riwaya ya Ngugi wa Thiong'o ya mwaka 1967, A Grain of Wheat, ambayo jina lake limetoka katika maneno ya Injili ya Yohana: "Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake, bali ikifa, hutoa mazao mengi." Nimeona nifungue uzi huu kwa sababu kila ninapoona wasomaji wakiijadili, mtu husema mara moja kwamba Kihika ndiye mfano wa Masihi, kisha mjadala unaishia hapo. Mimi nadhani mambo hayako wazi kiasi hicho.

Kwa ambao hawajaisoma, au waliisoma zamani, niseme kwa ufupi. Kihika ni kijana wa kijiji cha Thabai nchini Kenya aliyeingia msituni kupigana na Waingereza. Usiku aliompiga risasi Robson, ofisa wa wilaya, alikwenda kujificha katika kibanda cha Mugo, mtu mpweke asiye na ndugu, akamwomba aanzishe mtandao wa siri kijijini, na wakaagana kukutana msituni baada ya siku chache. Mugo akaenda kwa ofisa mpya, Thompson, akamwuza. Kihika akakamatwa, akanyongwa hadharani mtini pale Rung'ei. Baadaye Mugo naye akafungwa kizuizini kwa kumtetea mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, na aliporudi watu wakamwona shujaa. Siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, wanakijiji wanamtaka awe msemaji mkuu wa kumkumbuka Kihika, wakati yeye ndiye aliyemuua.

Hoja yangu inatoka katika sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kinatofautisha kutolewa na kujitoa, na tofauti hiyo imebebwa na viambishi vidogo tu: -w- ya kutendwa upande mmoja, na -ji- upande wa pili. Mbuzi wa kafara hutolewa. Hajui anakwenda wapi, na kamba iko mikononi mwa mwingine. Mkombozi hujitoa: anajua, angeweza kukataa, na kuna mtu mwingine ambaye angebaki katika hatari endapo angekataa. Sasa nauliza, kwa kipimo hicho, ni nani katika riwaya hii aliyejitoa? Kihika alikamatwa kwa sababu alimwamini mtu asiyestahili kuaminiwa. Lakini Mugo, pale uwanjani, alikuwa huru kabisa kunyamaza, na bado akasimama.

Nyundo ya Nakuru

Ndugu Kalamu, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwandishi ameweka alama zote juu ya Kihika kwa makusudi, na msomaji hawezi kuzipuuza. Tangu utotoni anasimama darasani kumpinga mwalimu wake juu ya yale yaliyomo katika Biblia, jambo linalofanana na yule kijana Yesu kati ya walimu hekaluni. Anatembea na Biblia yake ndogo hata msituni, akipigia mistari kwa wino. Anakuwa na wafuasi. Anasalitiwa na mtu aliyemkaribia kwa imani. Anatundikwa mtini mbele ya umati. Baada ya kifo chake, jina lake linakuwa kubwa kuliko alivyokuwa hai. Ni nini kingine unachotaka?

Kuhusu Mugo, huyo ni Yuda. Yuda naye alijuta, akazirudisha fedha. Majuto hayamfanyi msaliti kuwa mkombozi, la sivyo kila muuaji anayekiri mahakamani tungempa taji hilo.

Binti Shela

Naomba niingie nikiwa msomaji wa Kiislamu kutoka pwani, kwa kuwa naona mnachukulia kwamba sote tunaanzia mahali pamoja. Katika imani yangu Nabii Isa hakusulubiwa, kwa hiyo ninaposoma hadithi ya mtu anayekufa kwa ajili ya wengine, akili yangu haiendi Golgotha. Inaenda kwa Ibrahim na mwanawe, na yule mnyama aliyeletwa badala ya kijana. Pale kisa hakiishii kwa kifo cha mtu, kinaishia kwa mtu kusazwa. Nalisema hili si kwa kubishana juu ya dini, bali kwa sababu linabadilisha jicho: mimi namtafuta kwanza aliyesazwa, halafu ndipo namtazama aliyekufa.

Na kwa kuwa Nyundo ametaja orodha ya alama, niwakumbushe Fumo Liyongo. Naye alisalitiwa, tena na mwanawe wa kumzaa, aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Naye jina lake lilikua baada ya kufa hata leo tunaliimba. Alama mbili tatu za orodha yako anazo. Lakini tazama kifo chenyewe kilivyokuwa. Alitoka na uta wake akaenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, akafia hapo katika hali ya kulenga shabaha. Watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu walidhani yu hai, hata ikabidi mamake aitwe kumtuliza. Kifo cha Liyongo kiliwanyima watu maji. Ni kifo cha shujaa, kikubwa mno, lakini hakuna aliyeokolewa nacho. Kwa hiyo usaliti na umaarufu baada ya kifo havitoshi.

Nyundo ya Nakuru

Dada Binti Shela, hilo la kisima limenigusa, na nakubali kwamba usaliti peke yake si alama ya kutosha. Lakini Kihika hakufa kama Liyongo. Liyongo alikuwa na ugomvi wa ufalme, Kihika alikuwa na watu. Alipoingia msituni alijua mwisho wake. Hiyo -ji- ya Kalamu alikwisha kuitia tangu siku ile, hata kama hakuchagua saa ya kukamatwa.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha kitabu hiki kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na nafurahi kuona mnakisoma kwa makini. Nyundo ana haki kuhusu kuingia msituni, na naomba Kalamu amkubalie hapo. Anayeingia katika hatari akijua kwamba itamuua amejitoa, hata kama mkono utakaomkabidhi ni wa mwingine. Hata katika Injili mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: Yesu anatolewa na Yuda na hapo hapo anajitoa mwenyewe.

Lakini naomba mrudi kwenye ukurasa ambao wanafunzi wangu waliuruka kila mwaka, yale mazungumzo ya vijana kabla ya Hali ya Hatari, Kihika akiwa na Karanja na wenzao. Hapo Kihika anasema jambo zito sana, kwamba kifo cha Yesu hakikubadilisha kitu kwa watu wake, na kwamba Kenya inahitaji kifo kitakachobadilisha mambo. Kisha anaeleza kwamba mimi nikifa kwa ajili yako na wewe ukifa kwa ajili yangu, tunakuwa sadaka sisi kwa sisi, na kwa hiyo kila aliyekula kiapo cha umoja ni Kristo. Anamgeukia hata Karanja, yule atakayekuja kuwa kibaraka wa wakoloni, na kumwambia kwamba yeye pia ni Kristo.

Tazameni maana yake. Kihika mwenyewe hataki kiti mnachompa. Anaugawa umasihi kwa watu wote. Mwandishi akishamfanya mhusika wake aseme hivyo, hawezi tena kumweka peke yake juu ya msalaba na kusema huyu ndiye. Wanakijiji ndio wanaofanya hivyo baadaye. Wanamfanya Kihika kuwa mmoja wa pekee, na wakimkosa, wanamtafuta mwingine wa kukaa mahali pake, wanampata Mugo.

Na Mugo naye ana ugonjwa huo huo kwa upande wa pili. Kabla hajamwuza Kihika, alikuwa akijiona ni Musa, mtu aliyewekwa kando kwa kazi kubwa, anayesikia sauti ikimwita. Masihi wa kujidhania ni mtu wa hatari, kwa sababu hahitaji watu, anahitaji tu kuitwa. Kihika alipoingia kibandani usiku ule na damu ya mtu mikononi, alimletea Mugo kazi ya kweli, yenye watu na hatari, na Mugo akamchukia kwa hilo. Ndiyo maana nasema usaliti wake haukutokana na zawadi ya fedha tu.

Kalamu ya Moshi

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kosa langu kuhusu Kihika. Niliisoma -ji- kana kwamba inahusu saa ya kifo tu.

Hata hivyo naomba tuisogelee ile siku ya uwanjani, kwa kuwa nadhani ndipo penye uzito. Jenerali R., mpiganaji mwenzake Kihika, amekwisha kuzungumza na kumtaka msaliti ajitokeze. Yeye na Luteni Koina wanaamini kwamba ni Karanja, kwa kuwa Karanja alijiunga na walinzi wa wakoloni akawa chifu wao. Mpango wao ni kumfichua mbele ya umati. Mumbi, dada yake Kihika, amejaribu kumwonya Karanja asije, lakini amekuja, na yuko pale katikati ya watu. Basi kuna mtu ambaye yuko karibu kuuawa kwa kosa ambalo hakulitenda, ingawa ametenda mengine mengi. Wakati huo huo Mugo anapita katikati ya watu, wanadhani anakuja kuhutubia, wanamshangilia. Anasimama na kusema kwamba mtu wanayemtafuta ndiye huyu aliye mbele yao, kwamba Kihika alikuja kwake usiku na kuweka maisha yake mikononi mwake, naye akayauza.

Binti Shela amesema tumtafute kwanza aliyesazwa. Hapa yupo, na ni Karanja, mtu asiyependwa na yeyote. Hiki ndicho kinachonishangaza kila mara. Kihika alikufa kwa ajili ya taifa, yaani kwa ajili ya watu wote kwa jumla. Mugo alisimama mahali pa mtu mmoja mwenye jina, tena mbaya.

Mpwa wa Kigoma

Samahani kwa kuingilia, pengine swali langu haliko katika mstari wenu, lakini nimelisoma hili na likanirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe. Ninaandika hadithi ya abiria wa boti Ziwa Tanganyika. Usiku boti inazidiwa mzigo na maji yanaanza kuingia. Shujaa wangu, kijana mbeba mizigo, anaruka majini ili boti iwe nyepesi na wenzake wafike pwani. Nilidhani nimeandika mkombozi. Nilipowasomea rafiki zangu watatu, wawili wakaniuliza jambo moja: kwa nini hakushika ubavu wa boti akaelea nao? Wa tatu akauliza kwa nini hawakutupa kwanza magunia ya dagaa. Sikuwa na jibu. Nilijiona kama nimemuua kijana yule bure. Je, kosa ni langu au wao hawakuelewa?

Mwalimu Mstaafu

Mpwa, swali lako limo kabisa katika mstari. Rafiki zako walielewa, na wamekupa msaada mkubwa. Msomaji anapouliza "kwa nini hakufanya hivi", ameona kwamba kifo kimepangwa na mwandishi, si na hali yenyewe. Kifo cha mkombozi kinahitaji mlango mwingine wowote uwe umefungwa mbele ya macho ya msomaji, tena ufungwe mapema, kabla msomaji hajajua utahitajika. Magunia ya dagaa yatupwe kwanza, na tuone jinsi mwenye magunia anavyolia. Ubavu wa boti uwe juu ya maji kwa upana wa vidole viwili tu, ili anayeushika aizamishe. Hayo yawe yameshatokea kwa mtu mwingine kabla ya kijana wako, labda mtu aliyejaribu kushika na boti ikaingiza maji.

Halafu jiulize, ni nani aliyesazwa? "Wenzake" ni neno pana mno. Weka mtu mmoja ndani ya boti ile ambaye kijana ana sababu ya kumchukia, na umfanye awe ndiye aliyekaa mahali ambapo uzito ungetolewa. Utaona jinsi kuruka kwake kutakavyobadilika.

Mpwa wa Kigoma

Asante sana, Mwalimu. Tajiri wa magunia, yule aliyemnyima kijana ujira wake wa juma zima, nilikuwa nimemwacha pwani. Nitampandisha botini.

Nyundo ya Nakuru

Mpwa, kila la heri na hadithi yako. Nirudi kwa Kalamu. Nimekaa na hoja ya Karanja tangu jana na naona ina nguvu, lakini bado kuna jambo linanizuia. Mugo alipokiri hakuwa na nia ya kufa kwa ajili ya Karanja. Alikuwa akitafuta kupumzika. Siku iliyotangulia alikwisha kumwambia Mumbi, na mzigo ulikuwa umemshinda. Basi anayejitoa ili dhamiri yake itulie amejitoa kwa ajili ya nani? Kijana wa Mpwa anaruka kwa ajili ya wengine. Mugo anaruka kwa ajili yake mwenyewe, na bahati Karanja anaokoka.

Tena tukubali kwamba kuna vifo vya aina nyingine. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani na anaombwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anajua kwamba maji hayakuzuia risasi, lakini anakataa kusema, kwa sababu akisema, neno lililowaunganisha watu litakufa pamoja naye, na watoto watakaokuja wataambiwa babu zao walipigana bure. Pale hakuna hata mtu mmoja aliyesazwa kwa wakati ule. Kinachosazwa ni neno. Je, tumwondoe Kinjeketile katika orodha ya wakombozi kwa sababu ya kipimo cha Binti Shela?

Binti Shela

Swali zuri, na sina hakika. Ningesema Kinjeketile anawasazia watu wasiozaliwa, lakini nikisema hivyo kipimo changu kinakuwa kipana mno hata Liyongo anaweza kupenya, kwa kuwa naye ametuachia tungo. Labda tofauti ni kwamba Kinjeketile anapewa nafasi ya kukanusha. Kuna mlango uko wazi, anaona mwanga wake, halafu anaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Liyongo hakupewa mlango.

Kuhusu nia ya Mugo, ndugu Nyundo, mimi ningekuwa mpole zaidi. Siku ile alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Hakuwa mshitakiwa mbele ya hakimu, alikuwa mgeni wa heshima mbele ya watu waliokuwa tayari kumpa uongozi. Yule muuaji wako wa mahakamani amekwisha kukamatwa, Mugo hakuna aliyemshuku.

Mwalimu Mstaafu

Hapo Binti Shela amesema karibu sawasawa na Gikonyo, mume wa Mumbi. Baada ya ile siku, Gikonyo ndiye anayetambua kwamba Mugo alikuwa na heshima yote mbele yake, kwamba angeweza kuwa mkubwa katika Kenya mpya, na hata hivyo aliifunua roho yake watu wote waione. Gikonyo anayasema hayo akiwa mtu aliyekiri kiapo kizuizini ili arudi kwa mkewe, na ameificha siri hiyo kwa aibu. Kwa hiyo anajua bei ya maneno yale.

Na hapo ndipo ninapomjibu Nyundo kuhusu nia. Nia safi haipatikani kwa urahisi katika fasihi nzuri, na mwandishi anayempa mkombozi wake nia safi kabisa mara nyingi anaandika mahubiri. Ninachotazama mimi ni kwamba tendo limefanya kazi gani kwa waliobaki. Kifo cha Kihika kilizaa wimbo, na watu wakaendelea kufichana. Gikonyo alikuwa na siri, Mumbi alikuwa na mtoto wa Karanja, na kila nyumba ya Thabai ilikuwa na mlango uliofungwa. Kukiri kwa Mugo ndiko kulikowaondolea watu ulazima wa kuonekana mashujaa.

Sitaki kuficha upande mwingine, hata hivyo. Umati haukumgusa siku ile, ulimpisha kimya. Jenerali R. na Koina ndio waliokuja kumchukua baadaye, na kifo chake hatukioni. Wambui, mama aliyebeba bastola ndani ya nguo zake wakati wa vita, anabaki akijiuliza kama walifanya vyema kumhukumu. Nimewauliza wanafunzi wengi: kama Mugo ndiye aliyewafungua, kwa nini walimwua? Sijapata jibu ambalo darasa zima lilikubaliana nalo.

Nyundo ya Nakuru

Mwalimu, kuhusu Gikonyo nimeshindwa. Lakini hilo la mwisho ndilo linaloniweka bado upande wangu. Kihika alikufa na watu wakamlilia, wakakusanyika kumkumbuka. Mugo alikufa na hakuna mkutano. Kielelezo cha Masihi kinahitaji watu wa kukumbuka.

Kalamu ya Moshi

Nyundo, huenda ni kweli, lakini soma tena sura ya mwisho. Gikonyo yuko hospitalini amevunjika mkono. Kwa muda mrefu amekuwa na wazo la kuchonga kigoda cha kumpa Mumbi, wazo alilolipata akiwa kizuizini, na hajawahi kulitekeleza. Sasa, baada ya Mugo, anaanza tena kukiona akilini: mwanamume, mwanamke na mtoto. Halafu Mumbi anapoondoka, anabadilisha umbo la yule mwanamke. Atamchonga akiwa na mimba.

Hamtaji Mugo hapo. Anafikiria mti utakaofaa.